Picha Mahakamani na Hukumu ya Kigunduzi

Kigunduzi kinapotamka kwamba picha ni bandia, kinakuwa kimepima nini?

Kimepima mfanano. Programu hizi hufundishwa kwa picha nyingi zilizopigwa kwa kamera na nyingine zilizozalishwa na akili unde, kisha hutafuta katika mpangilio wa nukta za picha mpya dalili za kundi moja au jingine. Nani alipiga picha, lini na wapi, programu haijui. Matokeo yake huja kwa namba, tuseme 0.93, na hapo ndipo mawakili wengi huteleza: namba hiyo husomwa kana kwamba uwezekano wa picha kuwa bandia ni asilimia 93. Hiyo ni alama ya ndani ya programu. Mtengenezaji ndiye aliyechagua ni kuanzia alama gani neno "bandia" litokee kwenye skrini.

Kama kimejaribiwa kikapatia mara nyingi, mahakama ina sababu gani ya kusita?

Tukadirie kigunduzi kinachonasa picha bandia 90 katika kila 100, na kinachosingizia picha halisi 5 katika kila 100. Kipewe picha 1,000 ambazo 20 kati yake ni bandia. Kitanasa 18, lakini kitasingizia pia 49 kati ya zile 980 zilizo halisi. Kwa hiyo, katika picha 67 zilizotiwa doa, za kughushi kweli ni 18 tu, kama robo hivi. Sasa zile bandia ziwe 200. Kitanasa 180 na kusingizia 40, na neno lilelile "bandia" litakuwa sahihi mara nne kwa tano. Chombo hakikubadilika, kilichobadilika ni wingi wa uongo katika rundo kililopewa. Hakimu hana takwimu ya rundo hilo. Alicho nacho ni mazingira ya shauri: nani ananufaika na picha, iliibuka lini, inaafikiana vipi na maneno ya mashahidi. Kuyaacha hayo na kushika namba ni kuacha sehemu ya hesabu ambayo ni yeye pekee anayeweza kuijaza.

Picha iliyotumwa kwa simu ina tatizo gani la ziada?

Tuchukue shauri la kubuni la mpaka wa shamba. Mdai anatoa picha ya vigingi vya saruji, iliyofika kwa WhatsApp kupitia watu wawili. Mdaiwa anaipitisha kwenye kigunduzi, kinasema bandia. Lakini WhatsApp, inapotuma picha kwa njia ya kawaida, huibana upya na kuondoa taarifa za kamera na tarehe. Ubanaji huo hufuta baadhi ya dalili na kuacha nyingine mpya. Isitoshe, simu za leo huunganisha mipigo kadhaa na kulainisha kelele za picha zenyewe kabla mwenye simu hajagusa chochote. Kigunduzi ambacho hakikujaribiwa kwa picha za aina hii kinahukumu kitu kigeni kwake.

Njia yenye manufaa ni kuitafuta simu iliyopiga. Faili la awali likipatikana, mtaalamu anaweza kulinganisha kelele za kihisi cha kamera na picha nyingine za simu hiyo, kwa kuwa kila kihisi kina kasoro zake za kudumu. Atatazama pia kama vivuli vinaelekea upande mmoja. Kisha watu waende shambani wavione vigingi.

Sheria inaelekeza nini?

Nchini Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, izingatie jinsi ulivyozalishwa, kutunzwa na kusafirishwa, uadilifu wake ulivyolindwa, na jinsi chanzo chake kilivyotambuliwa. Kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kina vigezo vya namna hiyo. Vyote vinauliza kuhusu safari ya picha, na safari hiyo ndiyo ambayo kigunduzi hakiioni.

Basi matokeo ya kigunduzi yakataliwe kabisa?

Hapana. Yapokelewe kama sababu ya kuchunguza zaidi, yaletwe na shahidi mtaalamu anayeweza kuhojiwa kwa maswali ya dodoso: toleo gani la programu lilitumika, makosa yake ni mangapi kwa picha zilizobanwa, na je, upande wa pili umepewa nafasi ya kurudia jaribio? Karatasi iliyochapishwa kutoka skrini, isiyo na mtu wa kuitetea, isipewe uzito.

Jibu la "halisi" nalo lina hatari, na kwa maoni yangu ni kubwa zaidi kwa sababu linatuliza. Picha halisi kabisa ya shamba jingine, au ya shamba hilohilo miaka kumi kabla ya mgogoro, itapita kigunduzi bila doa na bado itadanganya mahakama. Kwa hiyo, anayeleta picha aendelee kubeba mzigo wa kuithibitisha hata kigunduzi kikiipitisha, na asiwepo mtu anayeshindwa shauri kwa namba ambayo hakuna shahidi aliyeieleza.