Kumbukumbu namba ya malipo

Kumbukumbu namba ya malipo, ambayo wananchi wengi huiita kontroli namba, ni namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Hutolewa na mfumo wa kielektroniki wa malipo ya Serikali ya Tanzania, GePG, ili kuitambulisha ankara moja ya mteja mmoja. Mfumo huo ulianza kazi Julai 2017 chini ya Wizara ya Fedha na Mipango. Taasisi ya umma inayohamia humo huwatangazia wateja wake kwamba ankara na malipo havitapita tena kwa keshia.

Historia

Zamani kila taasisi ilikuwa na akaunti zake benki na utaratibu wake wa kupokea fedha. Mteja alilipa benki, kisha akapeleka hati ya benki ofisini ili apewe risiti. Hati ikipotea njiani, alibaki na kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba amelipa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2017 ilizitaka taasisi za umma zikusanye maduhuli kupitia mfumo mmoja.

Tangazo na hatua za mteja

Tangazo la kuhama lina mambo manne yasiyokwepeka: tarehe ya kuanza, mwisho wa kupokea fedha taslimu, mahali pa kupata namba, na njia za kulipia. Tangazo zuri huongeza la tano, nalo ndilo huokoa wengi: mteja ahakiki namba yake ya simu kabla ya tarehe hiyo. Ankara hutumwa kwa ujumbe mfupi, na mamlaka ya maji, kwa mfano, inaweza kuwa na namba ya simu ya mpangaji aliyekwishahama au ya fundi aliyeunganisha mita. Ujumbe ukienda kwa mtu mwingine, mwenye mita hujua ana deni siku anapokatiwa maji.

Baada ya kuhakiki simu, mteja husubiri ankara mita ikishasomwa, au huomba namba ofisini kwa kutaja namba ya akaunti yake. Kisha hulipa benki, kwa wakala au kwa simu. Mwenye M-Pesa hupiga *150*00#, mwenye Airtel Money *150*60#, halafu hufuata sehemu ya malipo ya Serikali, huandika zile tarakimu 12, kiasi, na namba ya siri. Kabla ya kupokea fedha, benki au kampuni ya simu huiuliza GePG kuhusu namba hiyo, nayo hurudisha jina la mlipaji, taasisi na kiasi kinachodaiwa. Hapo ndipo pa kutulia na kusoma. Jina lisipokuwa la mwenye mita, malipo yasiendelee.

Tuchukulie mteja ambaye ankara yake ya Machi ilikuwa shilingi 18,000 na hakuilipa. Aprili anatumia maji ya shilingi 15,000, na mamlaka inamtumia namba mpya yenye jumla ya shilingi 33,000. Akitumia namba ya Machi aliyoihifadhi kwenye simu, malipo yanaweza kukataliwa kwa sababu muda wake umekwisha. Akitumia mpya lakini akaandika 20,000, matokeo yatategemea jinsi taasisi ilivyoitengeneza ankara. Zipo zinazopokea malipo kidogo kidogo hadi deni liishe, na zipo zinazotaka kiasi kamili bila kupungua hata shilingi. Tangazo lisiloeleza hili huwarudisha watu kwenye foleni ileile lililokusudia kuiondoa.

Matatizo

Tatizo moja linalosumbua ni fedha kukatwa kwenye simu huku akaunti ya maji ikionyesha deni. Mara nyingi taarifa ya malipo imechelewa kutoka GePG kwenda kwenye mfumo wa taasisi, na usuluhishi wa hesabu, ambao hulinganisha miamala ya siku nzima, huibaini. Mteja asilipe mara ya pili. Ahifadhi ujumbe wenye namba ya muamala, na hali ikibaki vilevile kesho yake aupeleke ofisini pamoja na kumbukumbu namba.

Matapeli nao hufuata matangazo haya, wakituma namba ya simu ya mtu binafsi na kudai ndiyo utaratibu mpya. Malipo ya Serikali hayaendi kwa namba ya mtu.

Kwingineko

Zanzibar ina mfumo wake, ZanMalipo. Kenya hulipia huduma za Serikali kupitia eCitizen, kwa namba ya malipo 222222.

Hali ya sasa

Kumbukumbu namba hutumika kwa ankara za maji, ada za vyuo vya umma, faini za barabarani, kodi ya ardhi na huduma nyingine nyingi. Gharama ya muamala wa simu bado hubebwa na mlipaji.