Unene Usiopimwa kwa Rula

Aprili 11, 1965, ganda kubwa la roketi lililojengwa na karakana ya meli ya Newport News, jimbo la Virginia nchini Marekani, lilikuwa likijaribiwa kwa maji. Lilikuwa ganda la injini ya fueli yabisi ya kampuni ya Thiokol, na kipenyo chake kilikuwa inchi 260, yaani mita 6.6. Mafundi walikuwa wakipandisha shinikizo taratibu kuelekea pauni 960 kwa kila inchi mraba, kiwango ambacho ganda lilitakiwa kukivumilia kabla ya kukubaliwa. Lilipofika 542 tu, likapasuka vipande vipande.

Ukipiga hesabu ya haraka kwa kipenyo hicho na ukuta wa milimita 18.5, unaona kwamba wakati huo ukuta ulikuwa umebeba mkazo wa takriban megapaskali 667. Feleji yenyewe ilikuwa ya daraja la juu, ile yenye nikeli asilimia 18, ambayo haianzi kunyumbuka moja kwa moja mpaka mkazo ukaribie megapaskali 1,650. Ganda lilivunjika likiwa limetumia asilimia 40 hivi ya nguvu yake. Chanzo kilikuwa ufa uliojificha kando ya mshono wa kuchomelea, ambao ukaguzi wote wa kabla ya jaribio haukuuona.

Shirika la anga la Marekani, NASA, lilichunguza ajali hiyo, na mmoja wa waandishi wa ripoti yake alikuwa John Srawley wa kituo cha Lewis mjini Cleveland. Uteuzi huo ulikuwa na maana. Srawley na mwenzake William Brown walikuwa wametumia miaka kadhaa wakihangaika na swali linaloonekana la kitoto: kipande cha chuma kinapaswa kuwa kinene kiasi gani ili jaribio la kukivunja litoe jibu la kweli?

Swali hilo lilizaliwa na roketi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 maganda ya makombora ya fueli yabisi, yakiwemo ya Polaris, yalikuwa yakipasuka majaribioni chini ya mkazo ambao wahandisi waliuhesabu kuwa salama. Mwaka 1959, kwa ombi la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, chama cha viwango vya majaribio, ASTM, kiliunda kamati maalumu. Kinara wa fikra zake alikuwa George Irwin wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini mjini Washington. Miaka miwili nyuma, mwaka 1957, Irwin alikuwa ameonyesha kwamba hali yote ya mkazo kuizunguka ncha ya ufa yaweza kubebwa na namba moja, K, inayotokana na ukubwa wa mzigo na urefu wa ufa. Ufa hukimbia K inapofika kiwango ambacho chuma husika hakiwezi kukistahimili. Kiwango hicho ndicho ustahimilivu wa ufa, na wengi walitumaini kwamba kila chuma kingekuwa na namba yake moja, ya kuandikwa jedwalini na kutumika popote.

Tumaini hilo lilivunjwa na vipande vya majaribio vyenyewe. Chuma kilekile, kutoka bamba lilelile, kilitoa namba kubwa kilipokuwa bati jembamba na namba ndogo kilipokuwa bamba nene. Kwa aluminiamu ya ndege aina ya 7075, bati jembamba laweza kuonyesha ustahimilivu maradufu ya ule wa bamba nene.

Sababu utaielewa ukivuta mpira wa manati. Unavyorefuka ndivyo unavyokonda. Chuma kilicho kwenye ncha ya ufa nacho kinavutwa kwa nguvu sana, na kinataka kukonda kwa kuingia ndani kutoka pande mbili za unene. Katika bati jembamba hakuna wa kukizuia, maana nje ya nyuso zake kuna hewa tu. Chuma kinakonda, kinanyumbuka, kinakula nguvu nyingi kabla ya kuachia. Hali hii wahandisi huiita mkazo bapa, kwa kuwa mikazo yote imelala katika uso wa bati na hakuna inayovuta kuelekea unene.

Katikati ya bamba nene mambo ni mengine. Chuma cha ncha ya ufa kinataka kukonda, lakini pande zote kimezungukwa na chuma kingine kisichovutwa kiasi hicho, nacho kinakishikilia. Kwa kuwa hakiwezi kukonda, kinajikuta kimevutwa kutoka pande tatu kwa pamoja. Na metali inayovutwa pande tatu kwa pamoja hainyumbuki kirahisi, kwa sababu kunyumbuka ni tabaka kuteleza juu ya tabaka, na mvuto unaolingana pande zote hausukumi tabaka lolote kuteleza. Mkazo unapanda mno, chuma kinafunguka kabla hakijanyumbuka. Hiyo ni hali ya mnyumbuko bapa: umbo linabadilika katika uso wa bamba tu, katika unene halisogei. Irwin alikadiria kwamba eneo linalonyumbuka mbele ya ufa katika hali hii ni theluthi moja tu ya lile la mkazo bapa.

Uzuri ni kwamba kipande kilichovunjika chenyewe hutoa ushahidi. Penye mnyumbuko bapa uso wa mvunjiko ni tambarare, umesimama wima dhidi ya mvuto. Karibu na nyuso za nje, ambako chuma kiliweza kukonda, unakuta kingo zilizoinama kwa nyuzi 45. Kwenye bati jembamba kingo hizo mbili hukutana katikati na uso wote ukawa mteremko. Kwenye bamba nene kabisa hubaki ukanda mwembamba kila upande, na eneo lote la kati ni tambarare. Fundi mzoefu huokota nusu ya kipande na kukadiria ni hali ipi iliyotawala, kabla hajaangalia namba.

Lakini kukadiria kwa jicho hakutoshi kuandika kiwango. Brown na Srawley walivunja vipande vya unene tofauti na vyenye nyufa za urefu tofauti, hasa vya feleji ya nikeli ya jamaa moja na ile ya ganda la inchi 260, wakitafuta ni wapi namba inaacha kubadilika. Desemba 1966, ASTM ikachapisha kazi yao katika kitabu chake namba 410, na ndani yake mlikuwa na sharti hili:

```
B ≥ 2.5 (KIC / σ)^2
```

B ni unene, KIC ni ustahimilivu wa ufa katika hali ya mnyumbuko bapa, na σ ni mkazo ambao ukifikiwa chuma huanza kunyumbuka moja kwa moja. Urefu wa ufa nao ulitakiwa kutimiza sharti hilohilo. Ile 2.5 haikushuka kutoka kwenye nadharia, ilichaguliwa kwa kutazama matokeo. Tafsiri yake ni kwamba unene uwe karibu mara 50 ya nusu kipenyo cha eneo linalonyumbuka mbele ya ufa.

Sasa turudi Newport News na hesabu hii mkononi. Tuipe feleji ile ustahimilivu wa 90 MPa√m, ukarimu kwa chuma cha kando ya mshono. Gawanya kwa 1,650, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 2.5. Unapata milimita 7.4. Ukuta wa ganda ulikuwa milimita 18.5, zaidi ya mara mbili. Mtu akilitazama lile pipa la mita 6.6 angeapa kwamba ukuta wake ni bati tu. Kwa feleji ile, ulikuwa bamba nene, na ufa uliokuwa ndani yake haukupata nafuu yoyote ya wembamba. Kwangu mimi hapa ndipo kiini cha historia hii nzima kilipo: wembamba na unene haviamuliwi na rula, vinaamuliwa na chuma chenyewe.

Kiwango kamili, E399, kilitoka kwa majaribio mwaka 1970, na kina jambo moja linalowashangaza wanaolikuta mara ya kwanza. Unachonga kipande chenye mfuo, kisha unakitingisha kwa mzigo mdogo unaopanda na kushuka maelfu ya mara mpaka mfuo utoe ufa mkali wa uchovu, kwa kuwa hakuna msumeno unaoweza kuchonga ncha kali kama hiyo. Ndipo unakivuta, huku kifaa kidogo kilichobanwa kwenye mdomo wa ufa kikipima unavyofunguka. Kutoka kwenye mchoro wa mzigo na mfunguko unachora mstari wenye mwinamo pungufu kwa asilimia 5, unasoma mzigo, na unapata namba inayoitwa KQ. Hiyo bado si jibu. Katika toleo hilo la mwanzo uliirudisha KQ kwenye sharti la unene, na kama kipande chako kilikuwa chembamba kuliko lilivyotaka, namba ilibaki KQ na haikuruhusiwa kuitwa KIC. Vilevile mzigo mkubwa kuliko wote ukiuzidi ule uliosomwa kwa zaidi ya asilimia 10, jaribio linakataliwa, maana ni dalili kwamba ufa ulikuwa unararua polepole badala ya kukimbia. Kwa hiyo kama unene ulitosha au la, ulijua baada ya kukivunja kipande.

Kwa feleji ngumu za roketi mzigo huo unabebeka. Kwa feleji laini za vyombo vya vinu vya nyuklia ulikuwa mzito kwelikweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mpango wa utafiti wa mabamba mazito ulioongozwa na Maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, ulitaka namba halali za feleji A533B. Huanza kunyumbuka karibu megapaskali 480, na ustahimilivu wake hupanda haraka joto linapoongezeka. Ukifika 150 MPa√m, sharti linadai milimita 244. Basi wakachonga vipande vyenye unene wa kufikia inchi 12, karibu milimita 305. Kwa vipimo vya kawaida vya umbo hilo, kimoja kina uzito wa zaidi ya tani moja. Na hata hicho kinaishia karibu 168 MPa√m. Juu ya hapo, mabamba yenyewe hayakuwa na unene zaidi wa kutoa.

Njia ya kutokea ilipatikana kwa James Rice, aliyechapisha mwaka 1968 kipimo kinachohesabu pia nishati ya chuma kinachonyumbuka, hivyo kipande kidogo kikaweza kutoa jibu la maana. Lakini unene haukuachia. Mfini Kim Wallin alionyesha kwamba katika feleji za vinu kuna sababu ya pili: kadiri kipande kilivyo kinene, ndivyo ufa unavyopata nafasi zaidi ya kukutana na punje dhaifu ya kuanzia mpasuko. Kiwango cha ASTM cha mwaka 1997 kinachofuata kazi yake kinataka kila tokeo lihamishiwe kwenye unene wa milimita 25 kabla ya kulinganishwa na jingine. Kipande cha milimita 10 kilichotoa 100 MPa√m huandikwa kuwa karibu 84.