Kuvuka si Kuvushwa

Binti wa shangazi yangu ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Mwisho wa mwezi humalizia hesabu nyumbani, kwa kuunganisha kompyuta yake na seva ya ofisini kwa VPN. Jumapili moja akanipigia simu. "Shikamoo kaka. Hii VPN imegoma wiki ya tatu sasa. Inazunguka weee, halafu inaleta kosa namba 809." Nikamuuliza fundi wa ofisi anasemaje. "Anasema ruta yangu ya nyumbani ndiyo mbovu, haina NAT Traversal. Hiyo kwa Kiswahili ndiyo nini?"

"Ni kupenya NAT," nikajibu bila kufikiri.

"Aha. Kwa hiyo nizime fayawoli, ipenye?"

Hapo nikajua nimempa neno baya. Kupenya ni kupita palipozibwa: mwizi hupenya uani, maji hupenya darini. Aliyesikia "kupenya" hutafuta ukuta wa kubomoa, na dada huyu alikuwa tayari ameshika kipanya. Nilimwomba asizime chochote, nikakaa kulifikiria neno upya.

Tuanze na NAT yenyewe. Wengi huiita "tafsiri ya anwani za mtandao", nami siipendi. Anayetafsiri hubadili maneno akiacha maana ilivyo, lakini ruta haitafsiri kitu, inabadilisha tu. Nyumbani kwa dada kuna simu tatu, runinga na kompyuta, kila kimoja na anwani ya ndani inayoanza na 192.168, na vyote vinatoka kwenye intaneti kwa anwani moja ya umma. Ruta ni kama karani wa masijala anayefuta jina la mtumaji juu ya bahasha, anaandika jina la ofisi, kisha anatia alama kwenye daftari ili majibu yakirudi ajue yampelekee nani. Ndiyo maana mimi husema "ubadilishaji anwani".

Alama anayoitegemea karani huyo ni namba ya mlango. Hapa pia tafsiri za mashine zimetuharibia, maana zinaandika "fungua bandari 500", kana kwamba dukani kuna meli inasubiri kutia nanga. Neno la Kiingereza lina maana zote mbili, lakini la mtandao ni mlango: namba inayoonyesha pakiti inaelekea kwenye programu gani. Vifaa viwili vya nyumba moja vikizungumza na seva moja, ruta huvitofautisha kwa namba za milango. Pakiti isiyo na namba ya mlango inamwacha karani na kalamu mkononi, hajui aandike nini.

Sasa itazame VPN ya dada. Ni ya aina ya zamani, inayoandikwa L2TP/IPsec. L2TP ni itifaki ya mwaka 1999 na kazi yake ni kuchimba handaki tu. Haifichi kitu. Siri inaletwa na IPsec, ambayo hufunga kila kinachopita humo ndani ya mfuko uliosimbwa unaoitwa ESP. Mfuko huo hauna namba ya mlango kwa nje. Una namba ya itifaki, 50, na nimeshaona mafundi wakihangaika kufungua "mlango 50" wakidhani ni kitu kimoja. Namba za milango zilizomo ndani zimesimbwa, na ruta haina ufunguo wa kuzisoma. Kwa hiyo ESP ikifika kwenye NAT ya nyumbani, mara nyingi ndio mwisho wa safari.

Dawa ilisanifiwa rasmi Januari 2005, katika hati za RFC 3947 na RFC 3948. Haikuwa kubomoa chochote. Mfuko wa ESP unapandishwa juu ya pakiti ya kawaida ya UDP, yenye mlango 4500 unaosomeka na kila ruta. Karani anaona bahasha aliyoizoea, anabadilisha anwani, anaandika kwenye daftari, na mzigo unapita bila kuguswa. Anayeijua Kigamboni atalielewa hili upesi: gari halielei, lakini likipanda pantoni linafika ng'ambo na tairi kavu. Gari halikuvuka kwa nguvu zake. Limevushwa.

Kwa hiyo neno langu sasa ni "uvushaji", na mpangilio wa NAT-T nauita "uvushaji kwenye NAT". "Uvukaji" lingekuwa na makosa madogo lakini ya maana, kwa sababu linamfanya ESP kuwa mtendaji, wakati tatizo zima ni kwamba hawezi kuvuka. Kiambishi cha kutendesha kinauliza swali sahihi: anavushwa na nani, kwa chombo gani? Jibu ni UDP 4500, na fundi anayetumia neno hilo atajua pa kuangalia kwanza. Rafiki mmoja aliniambia uvushaji unanukia magendo ya mpakani. Kweli unanukia kidogo, lakini na mfuko wenyewe umefungwa karani asione kilichomo.

Chombo hicho hakipandwi bila sababu. Pande mbili kwanza husalimiana kwa mlango wa UDP 500, na ndani ya salamu kila upande unaweka muhtasari wa kihesabu wa anwani na mlango unaodhani ndivyo vyake na vya mwenzake. Mpokeaji anapiga hesabu hiyohiyo kwa anwani anazoziona juu ya bahasha. Zikilingana, njia ni nyeupe. Zisipolingana, kuna aliyebadilisha anwani katikati, na hapo mazungumzo yanahamia mlango 4500. Salamu zinaanza kwa 500, safari inaendelea kwa 4500. Ukikumbuka hilo, nusu ya uchunguzi umeshaufanya.

Nilimuuliza dada kama kuna kilichobadilika nyumbani. Hakuna, ruta ni ileile ya miaka miwili. Na ofisini? "Wameleta ruta mpya mwezi uliopita." Zamani seva ilikuwa imeshika anwani ya umma moja kwa moja. Sasa imewekwa nyuma ya ruta mpya, ya aina ileile ya kawaida ya majumbani. Maana yake NAT zimekuwa mbili, moja kila upande, na ruta iliyotukanwa wiki tatu haikuwa na kosa.

Jumatatu nikapita dukani, nikakaa mbele ya seva, nikaandika:

```
sudo tcpdump -n -i eth0 'udp port 500 or udp port 4500 or ip proto 50'
```

Nikampigia dada ajaribu kuunganisha akiwa nyumbani. Pakiti za mlango 500 zikaingia na kutoka, kisha seva ikabaki inangoja. Hakuna hata moja ya 4500 iliyofika. Kama hata za 500 zisingeonekana, ningeshuku kwamba ruta ya ofisi haizielekezi kwa seva kabisa, au kwamba mtoa huduma ameiweka ofisi nyuma ya NAT yake mwenyewe. Hilo la pili hujulikana ukikuta anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ruta hailingani na ile inayoonekana kutoka intaneti, na likitokea hakuna mlango utakaoufungua ukasaidia. Lakini salamu zilifika. Kilichokosekana ni kivuko.

Nikafungua ukurasa wa ruta mpya. Fundi alikuwa ameelekeza UDP 500 na UDP 1701 kwenda kwenye seva. Mlango 4500 hakuugusa. Kosa hili lina mantiki yake: 1701 ndio mlango wa L2TP, na ukisoma jina la VPN utadhani ndio wa kufunguliwa. Lakini L2TP inasafiri ndani ya mfuko uliosimbwa. Ruta haiioni 1701 kamwe, na mfuko unafunguliwa ukishafika kwenye seva. Kuielekeza kutoka nje ni kumkaribisha mgeni agonge L2TP tupu, isiyo na siri yoyote. Nikaifuta, nikaweka UDP 4500 mahali pake, na kwenye fayawoli ya seva nikaruhusu 500 na 4500, nikahakikisha 1701 inapokelewa tu ikiwa imetoka ndani ya IPsec.

Shemeji, mume wake, ana Mac. Akajaribu kwa waifai ileile ya nyumbani na akaunti ileile: ikashika papo hapo. Dada akajaribu kwa Windows: 809.

Hapa ndipo watu wengi hurudi kumlaumu karani wa ruta. Lakini Mac ilikuwa imeshapita kwa karani huyohuyo. Kinachobaki ni Windows yenyewe. Tangu Windows XP ilipotolewa toleo la pili la marekebisho mwaka 2004, Windows ikitumia L2TP/IPsec inakubali kuvushwa pale NAT inapokuwa upande wa mteja, lakini inakataa seva nayo ikiwa nyuma ya NAT. Hoja ya Microsoft ilikuwa ya usalama: ruta ya upande wa seva inaweza kuelekezwa kwenye kompyuta nyingine baadaye, na mteja akajikuta anazungumza na asiyemkusudia. Mpangilio huo hauonekani kwenye dirisha lolote la VPN. Unawekwa kwa amri hii, ukiwa na haki za msimamizi:

```
reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\PolicyAgent /v AssumeUDPEncapsulationContextOnSendRule /t REG_DWORD /d 2 /f
```

Namba 2 ndiyo inayoruhusu NAT pande zote mbili. Sifuri, ambayo ndiyo hali ya kawaida, inakataa. Lazima kompyuta izimwe na kuwashwa, na hapa wengi hukosea: wanaandika amri, wanajaribu hapohapo, inagoma, wanaifuta. Dada aliwasha upya, akabonyeza, akanyamaza kidogo kwenye simu. "Imeshika."

Jioni akapiga tena. VPN ilikuwa inakatika kila shemeji alipounganisha ya kwake ili achapishe ankara. Huo nao ni udhaifu wa itifaki hii ya zamani. Watu wawili wa nyumba moja wanafika ofisini kwa anwani moja ya umma, na seva nyingi za L2TP/IPsec zinashindwa kujua mfuko wa kurudi ni wa nani kati yao, kwa hiyo anayekuja nyuma anamtoa wa mbele. Kivuko kipo, ila abiria wawili wamekata tiketi kwa jina moja. Itifaki ya IKEv2 haina ugomvi huo, nayo hutumia milango hiyohiyo miwili, kwa hiyo kwenye ruta hakutakuwa na cha kubadilisha. Mwenye duka amesema tutaihamia baada ya hesabu za mwaka. Mpaka hapo wanapokezana.

Kwenye ruta ya ofisi nimebandika kipande cha karatasi kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yangu: "UDP 500, salamu. UDP 4500, uvushaji. 1701 usifungue."