Ushuru wa Kreti ya Nyanya: Namna ya Kufundisha Mgawanyo wa Mamlaka Kongowea

Karatasi ya kazi inayozoeleka katika somo la mgawanyo wa mamlaka ina masanduku matatu. La kwanza linasema Bunge hutunga sheria, la pili Serikali huzitekeleza, la tatu Mahakama huzifasiri. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 huzikariri sentensi hizo kwa dakika chache, akapata alama zote, na asijue lolote kuhusu mamlaka. Alichojifunza ni mgawanyo wa kazi. Duka lolote kubwa lina karani, mhasibu na mlinzi, kila mmoja na kazi yake, lakini wote watatu wana bosi mmoja anayeweza kuwabadilishia zamu au kuwafuta. Dola ya kikatiba hutofautiana na duka hilo kwa sababu hakuna mhimili unaoweza kulikamilisha jambo zito peke yake, wala kuuamuru mwingine ulikamilishe. Kwa hiyo naona kila fasili katika karatasi ya mwanafunzi ikosayo nusu ya pili, yaani kile ambacho mhimili huo hauwezi kufanya, ni fasili pungufu.

Upungufu huo ndio unaoizaa mifano mibovu. Mfano unaopendwa mno ni wa shule yenyewe: baraza la wanafunzi hutunga kanuni, viranja huzitekeleza, mwalimu wa nidhamu huamua makosa. Unapendeza kwa kuwa uko karibu na mtoto. Lakini mwalimu mkuu anaweza kulivunja baraza asubuhi, akambadilisha kiranja adhuhuri na kuifuta adhabu jioni. Mtoto aliyefundishwa kwa mfano huo amefundishwa utawala wa mtu mmoja mwenye wasaidizi watatu.

Kwa shule za Kongowea mfano bora uko sokoni. Soko la Kongowea, katika eneobunge la Nyali, ni soko la jumla ambalo malori huliletea viazi, kabeji na nyanya kutoka bara, na vitunguu na machungwa kutoka Tanzania. Wanafunzi wengi wana mzazi au jamaa anayeuza, kubeba au kupakua mizigo hapo, na wameona risiti ya ushuru. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziweka shughuli za masoko chini ya kaunti. Basi karatasi ianze na risiti hiyo, na iulize maswali matatu tu: nani alikipitisha kiwango hiki? Nani anakikusanya? Mzozo ukizuka, nani ataamua?

Hapa ndipo karatasi nyingi zenye mifano ya mtaani hukosea, maana huchora kaunti yenye mihimili mitatu. Kifungu cha 176 kinaipa kaunti miwili: bunge la kaunti na kamati tendaji, ambayo gavana huiongoza. Mahakama hazikugatuliwa. Hakimu wa Mombasa anayemsikiliza mchuuzi aliyekamatwa na askari wa kaunti, hata kama kosa lenyewe limo katika sheria ya kaunti, huajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na gavana hana njia ya kumhamisha. Hali hiyo ndiyo ngao ya mchuuzi, kwa kuwa anayemshtaki na anayemhukumu hawalipwi na mkono mmoja. Mchoro ufaao una masanduku mawili ndani ya mpaka wa kaunti na la tatu nje yake.

Fasili zenyewe napendekeza ziwe fupi hivi. Bunge la Kaunti: wawakilishi wadi waliochaguliwa, pamoja na walioteuliwa na vyama, hupitisha sheria na bajeti za kaunti na kuwahoji watendaji, hawawezi kuwaamuru askari wa kaunti wamwondoe au wamwache mtu sokoni. Serikali ya Kaunti: gavana, mawaziri wa kaunti na wafanyakazi wao huendesha soko na kukusanya ushuru, hawawezi kuweka ushuru ambao sheria haikuuweka. Mahakama: husikiliza mzozo uliofikishwa mbele yake na kuamua kulingana na sheria, haiwezi kwenda sokoni kutafuta kesi, wala kujiandikia kiwango kipya cha ushuru. Kwa umri huu fasili tatu zenye nusu mbili zinatosha.

Kisha ifuate hadithi moja ya kubuni inayofuatwa hadi mwisho. Tuseme mama anayeuza nyanya hulipa shilingi 50 kwa kila kreti. Asubuhi moja mkusanyaji anamdai 80, akimwambia kuwa gavana ameamua. Je, alipe 80?

Jibu lianzie Kifungu cha 210, kisemacho kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Hata pale ambapo malipo ni ada ya huduma, ambayo Kifungu cha 209 kinairuhusu kaunti kuitoza, kaunti huhitaji msingi wa kisheria. Neno la gavana halitoshi. Kiwango kipya hupita njia ndefu zaidi: waziri wa fedha wa kaunti huandaa Mswada wa Fedha, mswada huwasilishwa bungeni, umma hualikwa kutoa maoni, wawakilishi hujadili na kupiga kura. Ukipita, gavana ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha pamoja na maelezo ya kinachomkwaza. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili bila kuyakubali maelezo yake, hana budi kuukubali. Na hata ukishatiwa saini hauna nguvu mpaka uchapishwe katika gazeti rasmi. Mwanafunzi aandike, mbele ya kila hatua, nani angeweza kuizuia. Ataona mwenyewe kwamba njia kutoka 50 hadi 80 ina vizuizi kadhaa, na kwamba mama wa nyanya amepewa nafasi ya kusema katika kimojawapo.

Baadhi ya wanafunzi wataishia kuandika kwamba gavana hutunga sheria, kwa kuwa mswada uliandaliwa na waziri wake na saini ni yake. Kosa hili lina akili ndani yake, na mwalimu asilikate kwa wino mwekundu akaendelea. Mipaka ya mamlaka kweli huingiliana. Anayeandaa mswada hana kura ya kuupitisha, kwani Kifungu cha 179 kinataka mawaziri wa kaunti watoke nje ya bunge la kaunti. Mwenye saini anaweza kuchelewesha, lakini hawezi kuandika kifungu kipya na kukiita sheria.

Swali la pili liigeuze hadithi. Gavana anasimama katika mkutano wa hadhara Kongowea na kutangaza kwamba kuanzia kesho ushuru wa nyanya umefutwa. Umati unashangilia. Je, ana uwezo huo? Wanafunzi wengi hujibu ndiyo, kwa sababu tangazo linawafaa watu. Hapa ndipo somo linapowauma, maana Kifungu cha 210 kinataja kusamehe pia. Isipokuwa sheria yenyewe imewapa watendaji ruhusa ya kusamehe, tangazo la kufuta ushuru lina kasoro ileile ya tangazo la kuupandisha. Nalithamini swali hili kuliko mengine yote katika karatasi, kwa sababu humlazimisha mtoto kutenganisha jambo analolipenda na jambo lililofanywa na mwenye mamlaka nalo.

Na mahakama je? Mama wa nyanya akilipishwa 80 bila sheria, au sheria ikipita bila umma kushirikishwa, anaweza yeye au mtu mwingine kufungua kesi Mahakama Kuu ya Mombasa, ambayo Kifungu cha 165 kinaipa uwezo wa kuamua kama sheria au kitendo kinapingana na Katiba. Jaji anaweza kuibatilisha sheria. Hatasema ushuru uwe 60. Akifika hapo, kazi inarudi bungeni.

Walimu wengine wangependa kutumia Mswada wa Fedha wa 2024, ambao Rais alikataa kuutia saini mwezi Juni mwaka huo baada ya maandamano, nao wanafunzi wanaukumbuka. Mimi ningeuweka baadaye. Ule ulikuwa mswada wa serikali yake mwenyewe, kwa hiyo kuurudisha hakumwonyeshi mtoto vyema mhimili mmoja ukiuzuia mwingine. Humwonyesha zaidi nguvu ya barabara, ambayo ni mada nyingine.

Kikwazo kikubwa hakiko darasani. Karatasi ikipelekwa nyumbani, hurudi na majibu ya wazee, na wazee wengi walijifunza serikali ya mtaa wakati wa Baraza la Manispaa ya Mombasa. Chini ya mfumo ule, uliokoma kwa uchaguzi wa Machi 2013, madiwani walipitisha sheria ndogo zilizohitaji idhini ya waziri Nairobi, na madiwani haohao, kupitia kamati zao, walisimamia huduma za mji. Meya alichaguliwa nao. Kutunga na kutekeleza kulikaa katika chumba kimoja. Ndiyo maana mzazi akimwona mwakilishi wadi, ambaye wengi bado humwita diwani, humwomba kibanda au humtaka amzuie askari wa kaunti, kisha humwona dhaifu akishindwa. Mzazi huyo anaeleza kwa usahihi serikali ambayo haipo tena. Karatasi nzuri iwe na safu mbili, kabla ya 2013 na baadaye, mtoto amhoji mtu mzima kuhusu ya kwanza na kuijaza ya pili mwenyewe. Hapo jibu la mzazi huwa ushahidi badala ya kuwa kosa.

Ziko alama nyingine zinazoonyesha kwamba mtoto hajaelewa. Humweka polisi chini ya mahakama kwa sababu polisi hukamata na mahakama hufunga. Polisi ni watendaji. Humwacha kadhi nje ya dola kwa kuwa anamjua kama mtu wa dini, ilhali Mahakama ya Kadhi ni sehemu ya Idara ya Mahakama chini ya Kifungu cha 170, yenye mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, kati ya Waislamu waliokubali kusikilizwa huko. Chifu ni mgumu zaidi. Yeye ni mtendaji wa serikali ya kitaifa, lakini watu humpelekea ugomvi wa mipaka ya viwanja. Akiwapatanisha kwa hiari yao, hajavuka mpaka, kwani Katiba yenyewe inahimiza njia za upatanishi. Akitoza faini, amejifanya hakimu.

Mwisho wa karatasi ubaki mstari mmoja mtupu, chini yake swali: Mkaguzi Mkuu, anayekagua fedha za kaunti, ushuru wa soko ukiwamo, umweke sanduku gani? Wengi watamweka bungeni kwa kuwa ripoti zake husomwa huko, wengine katika serikali kwa kuwa ni afisa wa umma. Kifungu cha 249 kinasema afisi huru kama yake iko chini ya Katiba na sheria tu, wala haiamriwi na mtu yeyote. Mwanafunzi anayeandika jina lake nje ya masanduku yote matatu apewe alama, na aulizwe kwa nini.