Paleti ya rangi za chapa katika maelekezo ya picha

Paleti ya rangi za chapa katika maelekezo ya picha ni orodha ya rangi rasmi za kampuni inayoandikwa ndani ya maelekezo, au prompti, anayopewa mchoraji wa akili mnemba, ili picha zinazotoka zisitofautiane na nembo, vifungashio na matangazo ambayo wateja wameshayazoea. Kampuni nyingi huwa na paleti ya rangi tatu hadi sita, na kila rangi ina msimbo wake wa heksi, mathalani `#0B6E4F`. Kunakili misimbo hiyo na kuibandika mwishoni mwa maelekezo ndiyo njia ambayo watu wengi huanza nayo, na kwa modeli nyingi ndiyo inayotoa matokeo dhaifu zaidi. Paleti hushika vizuri pale kila rangi inapopewa jina linaloeleweka, kitu cha kuikalia na kiasi cha nafasi. Msimbo wenyewe kazi yake kubwa ni kupimia picha ikishatoka.

## Kwa nini msimbo peke yake hautoshi

Msimbo wa heksi ni jozi tatu za tarakimu zinazotaja kiasi cha nyekundu, kijani na buluu katika pikseli moja. Kwa skrini, hiyo ni amri kamili. Kwa modeli ya picha, msimbo huo ni maandishi kama maandishi mengine. Kabla ya kuchora, modeli huyakata maelekezo vipande vidogo viitwavyo tokeni, na `#0B6E4F` hukatika vipande kadhaa vya herufi na tarakimu ambavyo kimoja kimoja havina maana ya rangi yoyote. Modeli hizi zilifunzwa kwa mamilioni ya picha zilizoambatana na maelezo ya watu, na mtu anayeeleza picha husema ukuta ni wa kijani iliyokolea. Hasemi ukuta ni `#0B6E4F`. Hivyo uhusiano kati ya neno na rangi ni imara, na uhusiano kati ya msimbo na rangi ni dhaifu.

Kuna sababu ya pili, nayo haiondoki hata modeli ikiuelewa msimbo vizuri. Rangi ya chapa imeandikwa kwa ajili ya uso bapa usio na kivuli. Picha inayofanana na ya kamera ina mwanga, vivuli na mng'ao, na ukuta uleule huwa na mamia ya rangi zinazotofautiana kidogo kidogo. Mwanga wa machweo ukiombwa katika maelekezo, kijani yote itavutwa kuelekea njano, na hilo si kosa la modeli: imechora mwanga ilioombwa.

Matoleo ya mwanzo ya Stable Diffusion, iliyotoka mwaka 2022, yalikuwa na udhaifu mwingine uliowasumbua wabunifu wenye chapa za rangi nyeusi. Jinsi yalivyofunzwa iliyafanya yavute mwangaza wa picha nzima kuelekea wastani, kwa hiyo usuli uliotakiwa kuwa mweusi tii ulitoka wa kijivu. Anayetumia modeli za kizazi hicho akiona kijivu pale alipoandika nyeusi asipoteze muda kubadilisha maneno. Ni afadhali arekebishe picha baada ya kutoka.

## Muundo wa maelekezo

Maelekezo yanayoshika paleti huipa kila rangi mambo matatu.

La kwanza ni jina la kawaida pamoja na mwelekeo wake. Kuandika kijani hakutoshi, kwa sababu modeli itachukua kijani inayoijua zaidi, ambayo mara nyingi ni ya majani. Inafaa kusema kama imekolea au imefifia, na inaelekea upande gani: buluu au njano. Msimbo unaweza kuwekwa kwenye mabano baada ya jina. Modeli inayouelewa itaufuata, na isiyouelewa bado ina jina la kushikilia.

La pili ni kitu cha kubeba rangi. Hili ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo lenye faida kubwa. Baadhi ya vitu vina rangi zao za asili na modeli haiwezi kuzibadilisha bila picha kuonekana ya ajabu: ngozi ya mtu, chakula, majani, mbao. Vingine vinakubali rangi yoyote: ukuta, kitambaa, sahani, mlango, mwavuli, nguo. Rangi ya chapa ikiandikwa bila kitu cha kuikalia huelea, na modeli huimwaga popote, pengine hata kwenye mwanga wenyewe. Ikiandikwa kwamba kijani ni ya ukuta na njano ni ya kitambaa, uwezekano wa rangi kuhama kutoka kitu kimoja kwenda kingine hupungua, ingawa hauishi kabisa, hasa vitu vyenye rangi vikizidi vitatu au vinne.

La tatu ni kiasi. Wapambaji wa nyumba wana kanuni ya 60-30-10: rangi kuu ichukue takriban asilimia sitini ya eneo, ya pili thelathini, na ya kukoleza kumi. Modeli haipimi asilimia, lakini inaelewa vizuri kwamba ukuta umejaza sehemu kubwa ya picha na kwamba kitambaa ni kimoja tu. Kwa hiyo kiasi huandikwa kwa ukubwa na idadi ya vitu, na asilimia hubaki kama nyongeza.

Jambo moja la kuepuka ni kukataza. Ukiandika kwamba hutaki nyekundu, neno nyekundu limeshaingia, na modeli nyingi hulichora. Taja rangi unayoitaka mahali pale. Zana zenye sehemu maalumu ya makatazo, kama `--no` ya Midjourney, ndizo pekee ambamo neno hilo linafaa kuandikwa.

## Mfano wa kampuni ya chai

Chukulia kampuni ya chai ya Njombe yenye rangi tatu: kijani `#0B6E4F`, krimu `#F7F0E0` na rangi ya embe bivu `#F2A71B`. Inahitaji picha ya glasi ya chai ya rangi kwa tangazo la mtandaoni. Mara moja mbunifu anaona mgongano: chai yenyewe ni nyekundu ya kahawia, na majani ya chai yakiwekwa pembeni yataleta kijani yao inayoshindana na ya chapa. Anaamua majani yasiwepo, kijani iende ukutani, krimu mezani, na embe kwenye kitambaa kimoja. Anaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa sehemu kubwa ya maelezo yaliyotumika kufunza modeli nyingi iko katika lugha hiyo:

```
Studio photo of a glass of black tea on a plain table.
Wall fills most of the frame: matte deep green (#0B6E4F).
Table and tray: warm cream (#F7F0E0).
Single accent: one folded napkin, ripe mango yellow (#F2A71B).
Warm morning light.
```

Tuseme picha inatoka nzuri, lakini ukuta unaonekana mchangamfu kuliko kifungashio. Mbunifu anachukua sampuli ya rangi katika sehemu ya ukuta yenye mwanga sawasawa, kwa wastani wa pikseli nyingi badala ya moja, na anapata `#1E7D4F`. Kwa macho tu angesema si yenyewe; sasa anaweza kusema imekosea upande gani. Anabadilisha rangi zote mbili kuwa vipimo vya CIELAB, mfumo wa mwaka 1976 unaopanga rangi kwa namna jicho linavyozitofautisha. Rangi ya chapa ina mwangaza wa takriban 41, na ya ukuta 46. Kwenye mhimili wa buluu na njano, ya chapa iko kwenye 10, na ya ukuta 17.5. Yaani ukuta umeng'aa mno na umeelekea njano mno.

Ugonjwa ukijulikana, dawa yake iko ndani ya maneno. Njano imeletwa na mwanga wa asubuhi pamoja na neno kijani lililoachwa bila mwelekeo. Mistari miwili inabadilika:

```
Wall fills most of the frame: matte dark green, leaning slightly to blue (#0B6E4F).
Soft, even, neutral white daylight.
```

Ukuta ukitoka `#0D6A4C`, kazi ya maneno imekwisha. Tofauti iliyobaki itamalizwa kwa mkono, kama itahitajika kumalizwa.

## Kupima kinachokubalika

Umbali kati ya rangi mbili ndani ya CIELAB huitwa delta E. Kwa fomula ya mwaka 1976, tofauti ya takriban 2.3 ndiyo ambayo jicho huanza kuigundua rangi zikiwekwa kando kwa kando. Ukuta wa kwanza ulikuwa mbali na chapa kwa takriban 10, umbali ambao mteja yeyote anauona. Wa pili uko karibu na 2.

Si kila sehemu ya picha inastahili ukali huo. Kivuli cha ukuta lazima kiwe cheusi kuliko msimbo, na kupima ndani ya kivuli kunaleta hofu isiyo na sababu. Pima sehemu yenye mwanga wa wastani. Hakikisha pia faili iko katika nafasi ya rangi ya sRGB, kwa sababu tarakimu zilezile za heksi zikisomwa katika nafasi nyingine ni rangi nyingine.

## Zana zinazopokea rangi moja kwa moja

Baadhi ya zana zimeitoa paleti nje ya maandishi. API ya Ideogram ina kigezo cha `color_palette`, ambamo kila msimbo unaweza kupewa uzito wake. Recraft nayo hupokea orodha ya rangi kwa tarakimu za RGB. FLUX.2, iliyotolewa na Black Forest Labs mwezi Novemba 2025, imeundwa kuelewa misimbo ya heksi iliyoambatanishwa na kitu kinachotajwa. Midjourney hutumia `--sref` kuazima mtindo wa picha ya mfano, rangi zikiwemo, lakini huazima pia mwanga na umbile la picha hiyo. Hata kwa zana hizi, swali la rangi ipi ikae juu ya kitu gani hubaki kwa mwandishi.

## Mipaka

Nembo na maandishi ya kampuni havifai kuombwa kwa modeli. Huwekwa juu ya picha baadaye kutoka faili halisi, na hapo rangi zake ni kamili. Eneo kubwa bapa, kama ukuta wa mfano huu, linaweza pia kuchaguliwa na kusogezwa hadi kwenye msimbo kamili katika programu ya kuhariri. Kufanya hivyo pale tofauti ni ndogo ni haraka kuliko kuzalisha picha nyingine ishirini.

Kutaja namba ya Pantone katika maelekezo hakuleti usahihi wa uchapaji. Modeli hutoa picha ya RGB, na wino wa chapa huamuliwa na mchapaji wakati picha inageuzwa kuwa CMYK, ambapo baadhi ya kijani na machungwa yanayong'aa kwenye skrini hupoa.

Mwisho, maneno yaliyofaulu kwa modeli moja hayana hakika kwa nyingine, wala kwa toleo lijalo la modeli hiyohiyo. Timu zinazotoa picha nyingi huhifadhi, kwa kila rangi ya chapa, msimbo wake, sentensi iliyoifikia, jina na toleo la modeli, na delta E iliyopimwa. Toleo jipya likifika, sentensi hizo hujaribiwa upya kabla ya kutumika, na ile iliyopotea njia huandikwa tena.