Ufunguo na Alama Zake

Mfasiri aonyeshwaye picha ya mistari mitano ya muziki isiyo na alama mwanzoni huandika upesi: C meja, au A maina. Kwa kazi nyingi za leo hakosei. Lakini na tuitazame Tokata na Fuga ya Johann Sebastian Bach (1685–1750) iliyoorodheshwa BWV 538. Mwanzoni hamna alama yoyote, nayo imo katika D maina, ambayo leo huandikwa kwa flati moja, ya B.

Zama zile watunzi wengi waliufuata bado uandishi uliorithiwa kutoka mkao wa kale uitwao Doria, usio na flati. Flati ya B waliitia mbele ya nota yenyewe kila ilipohitajika. Kwa sababu hiyo kazi hii ikabandikwa jina la “Kidoria”, jina lipotoshalo kidogo.

Msomaji ataujuaje ufunguo basi? Azitazame alama za ndani: B hushushwa mara kwa mara, C hupandishwa wimbo ukaribiapo kituo, na besi ya mwisho hutua juu ya D. Ndiyo maana twapendekeza “alama za ufunguo” kwa zile za mwanzoni, na “ufunguo” kwa makao ya sauti yenyewe.