Nafuu Si Kupona

Mtu aliyetoka kuugua akijuliwa hali, aghalabu hujibu, "Nimepata nafuu." Hasemi amepona. Kiswahili kimeyatenga maneno haya mawili tangu zamani: nafuu ni kupungukiwa na maumivu, kupona ni kuachwa na ugonjwa. Kuna maradhi ambayo hayaeleweki mpaka tofauti hiyo ishikwe vizuri, nayo ni yale ambayo madaktari wetu huyaita maltipo sklerosisi.

Jina lenyewe tuanze nalo. Mwaka 1868, Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, Paris, aliwaeleza wanafunzi wake ugonjwa ambao ubongo na ugwe mgongo wa waliofariki ulikutwa na mabaka magumu. Kwa Kifaransa akauita ugumu wa mabaka. Ni jina la kweli, lakini limetolewa kwa maiti. Ugumu ule ni kovu, na kovu huja baada ya vita. Jina halisemi nani alipigana, wala kwa nini mgonjwa huzidiwa leo na baada ya miezi miwili akawa anatembea sokoni.

Kinachoshambuliwa ni mielini, utando wa mafuta na protini unaozunguka uzi wa neva tabaka juu ya tabaka. Vitabu vyetu huuita ala, neno la kisu na upanga. Nalipenda neno hilo, ila lina mpaka wake. Kisu kikitolewa alani hukata vilevile, lakini neva ikivuliwa ala yake hushindwa kazi. Mielini haiufuniki uzi wote: imekatikakatika, na katika kila pengo kuna vilango vya sodiamu vinavyouhuisha msisimko upya. Msisimko huruka kutoka pengo hadi pengo, na katika neva nene unaweza kufikia mita 100 kwa sekunde. Uzi mwembamba usio na mielini huenda kama mita 1 tu. Ala ikibanduka, sehemu iliyokuwa imefunikwa haina vilango vya kutosha. Umeme huvujia njiani, na ujumbe hufa kabla ya kufika pengo linalofuata. Jicho ni zima lakini halioni; mguu una misuli lakini hauinuki.

Anayeibandua ala hiyo ni kinga ya mwili wenyewe, na hapa neno linahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Sisi tulilizoea neno kinga kupitia UKIMWI, ambao jina lake limebeba "upungufu wa kinga". Kwa hiyo mtu akiambiwa ana ugonjwa wa kinga, jamaa zake huanza kutafuta vya kuiongeza. Hapa kinga haikupungua. Imekosea adui. Limfosaiti fulani, zilizofunzwa kutambua vijidudu, huitambua mielini kuwa ngeni, hupenya ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo, na huko ndani huita wenzao. Chanzo chote hakijajulikana, ila mwaka 2022 utafiti wa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba hatari hupanda mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Hata hivyo, karibu watu wazima wote duniani wana kirusi hicho na wachache mno huugua, hivyo kirusi peke yake hakitoshi. Neno linalofaa ni kinga kujishambulia. Ile "ji" ndogo ndiyo inayobeba maana yote, kwa sababu mpigaji na mpigwaji ni mwili mmoja. Ndiyo maana dawa zake huituliza kinga au huizuia, haziiongezi.

Sasa tumfuate mgonjwa mmoja. Augustus d'Esté, mjukuu wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, aliandika shajara ya ugonjwa wake miaka mingi kabla ya Charcot kuupa jina. Desemba 1822, akiwa na umri wa miaka 28, alihudhuria mazishi ya jamaa yake huko Uskochi. Muda mfupi baadaye macho yake yakafifia hata akahitaji kusomewa barua. Bila dawa yoyote, yakarudi. Yalimfifia tena baada ya miaka kadhaa, yakapata nafuu tena. Mwaka 1827, akiwa Florence, akaanza kuona vitu viwiliviwili, kisha miguu ikaishiwa nguvu. Nayo ikarudi, akatembea. Lakini miaka ilivyosonga ganzi na udhaifu vilibaki, akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki 1848.

Kwa nini macho yale yalirudi? Kwanza, vita ikitulia, uvimbe hupungua katika muda wa wiki chache, na nyuzi zilizobanwa tu bila kuvuliwa ala huanza tena kazi. Pili, uzi uliovuliwa hutawanya vilango vipya vya sodiamu katika sehemu iliyo uchi, na msisimko unaoshindwa kuruka hutambaa. Tatu, seli zinazotengeneza mielini huweka ala mpya, japo nyembamba kuliko ya kwanza. Haya matatu ndiyo nafuu. Hakuna hata moja linalomaanisha kwamba limfosaiti zimesahau zilichojifunza.

Ndiyo sababu siridhiki na neno "kurudi" kwa zile siku za kuzidiwa. Kinachorudi kilikuwa kimeondoka, na ugonjwa huu haukuondoka. Picha za MRI huonyesha mabaka mapya yakizuka mara nyingi kuliko mgonjwa anavyohisi, kwa kuwa mengi huangukia sehemu za ubongo zisizotoa dalili. D'Esté hakurudiwa na ugonjwa wa macho alipolegea miguu. Lilikuwa shambulio jipya mahali pengine. Basi tuliite shambulio. Madaktari hulihesabu likidumu angalau saa 24, likija siku 30 au zaidi baada ya kuanza kwa lililotangulia, na bila homa wala maambukizi. Sharti hilo la mwisho lina sababu yake: ala nyembamba haistahimili joto. Mgonjwa akioga maji ya moto au akitembea juani, ukungu wa zamani unaweza kumjia machoni na kutoweka akipoa. Wilhelm Uhthoff alilieleza jambo hilo mwaka 1890. Hapo hakuna vita mpya, ni kovu la zamani linalolalamika.

Nafuu nayo ina kikomo. Katika mashambulio, uzi wenyewe hukatika pamoja na ala, na uzi uliokatika ndani ya ubongo haukui tena. Mwanzoni nyuzi nyingine huubeba mzigo. Zikipungua mno, udhaifu huzidi taratibu hata bila shambulio. Huo ndio mwisho uliomfika d'Esté.

Steroidi za mshipani hufupisha shambulio, lakini hazibadilishi sana kitakachobaki baada yake. Kinachopunguza mashambulio ni dawa za kuituliza kinga zinazotumiwa wakati mgonjwa anajiona mzima, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Mgonjwa aliyeambiwa amepona hataona sababu ya kuzitumia. Kwa hiyo nawaomba madaktari, wauguzi na wafasiri: jicho likirudi kuona, mwambieni mgonjwa amepata nafuu, kisha mwelezeni kwamba nafuu ndiyo wakati wa kuanza dawa.